Kulanti ya Pikipiki na ya Gari: Chupa Mbili Mezani

Asalamu aleikum, watazamaji. Hapa mezani kwangu Malindi nina chupa ya lita 1 ya kulanti ya pikipiki, iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu na maji, na dumu la lita 5 la kulanti ya gari ambayo haijachanganywa. Wenye bodaboda zinazopozwa kwa hewa hawahusiki; nazungumza na mwenye pikipiki iliyo na rejeta.

Baridi ya kugandisha maji haitufikii huku pwani, lakini kulanti twaihitaji kwa sababu huchelewesha maji kuchemka na huzuia alumini isiliwe. Rangi isikudanganye, kwani kila kiwanda hutia ipendayo; soma kibandiko. Kulanti nyingi za gari zina silikati, na watengenezaji wengi wa pikipiki huikataza kwa kuwa chembe zake husugua sili ya wota pampu, ambayo ni ndogo na huzunguka kwa kasi kubwa. Sili ikianza kuchoka, tundu dogo lililo chini ya pampu hutoa matone yanayokauka yakawa ukoko wa rangi. Tundu hilo usilizibe kwa gundi, maana limewekwa makusudi ili maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye oili. Kwa hiyo dumu hili la gari silipingi kwa jina lake: limeandikwa kwamba halina silikati na lafaa injini za alumini, basi nalikubali.

Kosa kubwa zaidi nimeliona kwenye kipimo. Gari dogo huchukua lita 5 au 6, na glasi moja ya maji iliyobaki ndani haileti tofauti kubwa. Pikipiki yangu ya sisi 250 huchukua lita 1.2 tu. Niliimwaga, nikaisuuza, kisha nikajaza tena, ikakubali mililita 950 pekee, yaani mililita 250 za maji ya kusuuzia zilikuwa zimejificha ndani ya injini. Ningetia ile ya chupa, kulanti halisi ingekuwa mililita 475 katika 1,200, yaani asilimia 40 hivi. Nilitia mililita 600 kutoka kwenye dumu, nikaongeza 350 za maji safi, nikapata nusu kamili.

Maji hayo, na ya kusuuzia pia, yawe yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri, wala usichukue chupa ya tindikali kimakosa. Ya kisima chetu, yenye ladha ya bahari, hula alumini na kuacha magadi ndani ya rejeta.

Mwishowe washa injini kifuniko kikiwa wazi, mapovu yatoke, ufunge kabla haijapata moto. Ikipoa kabisa, tazama tangi la akiba. Kwangu lilishuka kidole kimoja, nikaongeza mchanganyiko uleule hadi baina ya alama mbili.