Uzoefu wangu: kifurushi cha gemu ambacho kila kompyuta iliruka kimo chake

Nimekitumia kifurushi hiki muda wa kutosha sasa kukizungumzia. Ni kifurushi cha gemu za kurukaruka, cha injini ya kutengenezea gemu ya Godot 4: unapata mhusika anayekimbia na kuruka, majukwaa yanayosogea, maadui wawili watatu, na hatua moja ya mfano. Nilikinunua mtandaoni kwa sababu nafundisha vijana kutengeneza gemu hapa Kisumu, na sikutaka waanzie kwenye ukurasa mtupu. Tulibadilisha picha: mhusika akawa mvuvi, majukwaa yakawa mitumbwi, mandhari ikawa ufuo wa Dunga. Mvuvi anaruka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi mpaka afike nchi kavu.

Picha, sauti na mpangilio wa faili sina malalamiko nayo hata kidogo. Aliyechora mienendo ya mhusika anaijua kazi yake. Tatizo liko kwenye faili moja ya kumwendesha mhusika, na ni tatizo ambalo mnunuzi anaweza kukaa nalo muda mrefu bila kulijua, kwa hiyo nitalieleza kwa kina.

Kwenye laptopu yangu, ambayo skrini yake ni ya hezi 60, kila kitu kilikuwa sawa. Mitumbwi tuliipanga ikiwa na mwanya wa pikseli 320, na mvuvi aliuvuka vizuri, akibakiwa na nafasi kidogo ya kutua. Kisha kijana mmoja akaihamishia gemu kwenye kompyuta ya sehemu ya kuchezea gemu pale mtaani kwao, yenye skrini ya hezi 144. Akanipigia: "Mwalimu, huyu mvuvi hafiki. Anaruka kidogo tu halafu chubwi, majini." Mwingine naye alikuwa na laptopu ya zamani inayosuasua kwenye fremu 30 kwa sekunde, na kwake mvuvi alipaa mpaka karibu atoke juu ya skrini, akapitiliza mtumbwi wa pili. Faili ilikuwa ileile, hakuna aliyegusa namba hata moja.

Nikafungua msimbo. Sehemu yenyewe, nikiondoa mapambo, ni hii:

```
func _process(delta):
    if is_on_floor() and Input.is_action_just_pressed("jump"):
        velocity.y = -600
    velocity.y += 15
    move_and_slide()
```

Tazama mstari wa `velocity.y += 15`. Hiyo ndiyo mvutano wa ardhi, na inaongezwa mara moja kwa kila fremu. Haijali fremu imechukua muda gani. Lakini `move_and_slide()` inajali: inachukua kasi kama pikseli kwa sekunde, kisha yenyewe inazidisha kwa muda wa fremu ili ijue imsogeze mhusika kiasi gani. Kwa hiyo nusu ya hesabu inahesabu kwa sekunde, na nusu nyingine inahesabu kwa fremu. Hapo ndipo kimo kinapoharibika.

Fuata hesabu pamoja nami. Mvuvi anaanza na kasi ya 600 kwenda juu, na kila fremu inamnyang'anya 15. Kwa hiyo kasi inaisha baada ya fremu 40, iwe kompyuta ni ya kasi au ya polepole. Ukijumlisha kasi za fremu hizo zote, 585, 570, 555 na kuendelea hadi sifuri, unapata 11,700. Kila moja ya kasi hizo inafanya kazi kwa muda wa fremu moja tu, kwa hiyo kimo cha mruko ni 11,700 ukigawanya kwa idadi ya fremu kwa sekunde. Kwenye fremu 60 unapata pikseli 195. Kwenye 144 unapata 81. Kwenye 30 unapata 390.

Umbali nao unafuata mkondo huohuo. Mvuvi anakimbia pikseli 300 kwa sekunde, na hiyo haibadiliki, ila muda wake hewani ni fremu 79 popote pale. Kwenye skrini yangu hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde moja na robo, na anavuka kama pikseli 395. Kwenye ile ya 144 ni zaidi kidogo tu ya nusu sekunde, pikseli 165 hivi, na mwanya wetu ni 320. Kijana hakuwa na kosa. Hata angekuwa na vidole vya namna gani, asingefika.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulisema juujuu. Laiti kila kitu kingehesabiwa kwa fremu, yaani kasi kwa fremu na mvutano kwa fremu, kimo cha mruko kingebaki kilekile kila mahali. Kingebadilika muda tu, gemu nzima ikaenda mbio kwenye skrini ya 144 na kujikokota kwenye 30. Kwa hiyo ukiona kimo chenyewe kinabadilika, kuna mtu alizidisha kwa `delta`, yaani muda wa fremu moja kwa sekunde, sehemu moja akaiacha nyingine, au injini imezidisha kwa niaba yake bila yeye kujua. Ukiona kimo ni kilekile lakini kila kitu kinakwenda mbio, basi `delta` haimo popote. Tofauti hiyo inakuambia uanze kutafuta wapi.

Na kifurushi hiki kina aina zote mbili. Majukwaa yanayosogea, mitumbwi yetu, yameandikwa `position.x += 2` ndani ya `_process`. Hiyo ni pikseli 120 kwa sekunde kwenye fremu 60, na 288 kwenye 144. Kwa hiyo yule kijana alikuwa anaruka chini zaidi huku mitumbwi ikimkimbia zaidi ya mara mbili.

Kwa nini muuzaji hakuliona? Nadhani ni kwa sababu V-Sync huwa imewashwa Godot inapoanza mradi mpya, na hiyo inaifunga gemu kwenye kasi ya skrini. Mwenye skrini ya hezi 60 ataona fremu 60 kila siku, na namba 15 itaonekana sahihi kabisa. Kujipima hakuhitaji kompyuta ya pili. Nenda Project Settings, Application, Run, kwenye Max FPS uandike 30, ucheze. Kisha uondoe kikomo hicho na uzime V-Sync Mode chini ya Display, Window, ucheze tena. Weka ukuta wenye alama za pikseli nyuma ya mhusika na uangalie kichwa chake kinafika wapi kila mara. Dalili nyingine ya haraka: washa programu ya kurekodi skrini kwenye mashine dhaifu. Fremu zikishuka na mhusika akaanza kuruka juu zaidi, umelipata.

Marekebisho ni mafupi. Mvutano wa 15 kwa fremu kwenye fremu 60 ni 900 kwa sekunde, kwa hiyo:

```
func _physics_process(delta):
    if is_on_floor() and Input.is_action_just_pressed("jump"):
        velocity.y = -600
    velocity.y += 900 * delta
    move_and_slide()
```

Kuna mambo mawili yaliyobadilika, na yote mawili yana kazi. Ukizidisha kwa `delta` peke yake na kubaki kwenye `_process`, mruko unakuwa pikseli 190 kwenye fremu 30, 195 kwenye 60 na 198 kwenye 144. Ni nafuu kubwa, lakini si sawa kabisa, kwa kuwa hatua ndefu na hatua fupi za hesabu hazichori mpindo uleule. Kwa gemu ya kujifurahisha unaweza kuishi na tofauti hiyo. Kwa mashindano, ambapo ukingo umewekwa pikseli 196 juu, huwezi. Wachezaji wa Quake III Arena ya mwaka 1999 wanaijua habari hii: kwenye fremu 125 waliruka juu zaidi, kwa sababu ya namna gemu ilivyokuwa ikikadiria namba za kasi, na watu wakaweka mashine zao kwenye 125 makusudi.

`_physics_process` inamaliza tofauti iliyobaki, kwa sababu inaitwa mara 60 kwa sekunde bila kujali skrini. Mipaka yake nayo ipo. Kwenye skrini ya 144 mwendo unaweza kuonekana wa kushtukashtuka, kwa kuwa mhusika anahama mara 60 tu. Kuanzia Godot 4.3 kuna Physics Interpolation kwa gemu za 2D, iwashe. Na mashine ikizidiwa kabisa, chini ya fremu 8 kwa sekunde hivi, Godot hairuhusu zaidi ya hatua 8 za fizikia kwa fremu moja, kwa hiyo gemu nzima itapungua mwendo. Mimi naona hilo ni sawa: afadhali gemu ipunguze mwendo kuliko mvuvi apae.

Tahadhari moja kwa watakaorekebisha wenyewe. Usizidishe `velocity.x` kwa `delta` kabla ya `move_and_slide()`. Imeshazidishwa humo ndani. Ukiizidisha tena, mhusika atatambaa pikseli 5 kwa sekunde, na wengi wakiona hivyo huongeza namba mpaka 18,000 ili atembee. Hapo kwenye fremu 60 atakwenda 300 vizuri, lakini ukibaki kwenye `_process`, kwenye 144 atakwenda 125 na kwenye 30 atakwenda 600. Ukikuta gemu inayokuwa nzito kwenye kompyuta nzuri na nyepesi kwenye mbovu, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia vipimo vyote vitatu. Alijibu kwa heshima na akatoa toleo jipya. Nimelipima: mruko sasa ni pikseli 195 kwenye mashine zote tatu. Majukwaa hakuyagusa, bado ni `position.x += 2` ndani ya `_process`.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Anayejua kufungua msimbo na kubadilisha mistari michache atapata thamani ya pesa yake kwenye picha na mpangilio peke yake. Anayetaka kukiingiza na kuuza gemu kesho asikinunue kwa sasa. Na ukishakinunua, fungua faili ya majukwaa kabla ya kupanga hatua yoyote, ondoa mstari ule, uweke `position.x += 120 * delta` ndani ya `_physics_process`. Ukipanga mianya kwanza na kurekebisha baadaye, kila mwanya uliopimwa kwenye skrini isiyo ya hezi 60 utalazimika kuupima upya.