"Ambavyo vilitumika" au "vilivyotumika"?

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza,

Mnaniuliza kila muhula lipi bora. Jana nimesahihisha insha yenye "vitabu ambayo vilivyotumika". Makosa mawili: "ambayo" si ya vitabu, na urejeshi umerudiwa.

Kwa upande wa ufupi, "vilivyotumika" inashinda. Ukibanwa na idadi ya maneno, ichukue. Kwa kuonyesha wakati, amba- ina nafasi zaidi. Hupokea -me-, "ambavyo vimetumika", na ukanushi wa wakati uliopita, "ambavyo havikutumika". "Visivyotumika" haisemi ni jana au siku zote, na kwenye sura ya mbinu za utafiti nitakuuliza. Upatanisho hauna nafuu popote: vitabu hudai -vyo kotekote.

Mwalimu wenu