Chupa ya chai: ya kioo, ya stenlesi au ya plastiki?

Usianze na maua yaliyochorwa ubavuni. Fungua kizibo uchungulie ndani, maana kinachotunza joto kimo humo.

Ya kwanza kwangu, kwa chai ya nyumbani, ni yenye kioo ndani. Kile kioo ni chupa mbili, moja ndani ya nyingine, zilizoungana mdomoni tu. Hewa ya katikati imenyonywa, ikabaki ombwe. Pasipo hewa hakuna cha kupokea joto kwa kugusana na ukuta wa ndani, wala cha kupanda na kushuka kikilibeba mpaka ukuta wa nje. Lakini joto husafiri pia kama mionzi, na mionzi hupita hata penye ombwe. Ndiyo maana kuta zile hupakwa fedha inayong'aa, iirudishe ndani. James Dewar alitengeneza chupa ya namna hii mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhi gesi zilizopozwa sana, si chai.

Udhaifu wake uko chini. Kwenye kitako cha kioo kuna kincha kidogo ambapo hewa ilitolewa, kisha pakazibwa kwa moto. Changu kilikatika nilipoibamiza chupa kwenye sinki. Kioo kilibaki kizima kwa macho, ila chai ya saa kumi na mbili asubuhi ikawa vuguvugu saa mbili. Hewa ilikuwa imeingia.

Ya pili ni ya stenlesi yenye kuta mbili na ombwe. Kwa shamba, basi au bodaboda naipandisha iwe ya kwanza, kwani ikianguka hubonyea tu. Ila stenlesi hupitisha joto takriban mara 15 kuliko kioo, na joto hupanda kupitia shingo, mahali kuta zinapokutana. Basi chagua yenye mdomo mwembamba na kizibo kinene. Mdomo mpana ni mzuri kwa uji, lakini hupoteza joto zaidi.

Ya mwisho ni ya plastiki yenye povu katikati ya kuta. Povu hufunga hewa kwenye vijumba vidogo isizunguke, lakini hewa ipo na bado hupitisha joto. Inafaa kwa maji baridi ya mchana mmoja.

Ukichukua ya kioo au ya stenlesi, ijaribu siku hiyohiyo. Iwe ya kioo, isuuze kwanza kwa maji ya moto. Kioo baridi kikimiminiwa maji yanayochemka ghafla huweza kupasuka, na hata kisipopasuka hunywa digrii tatu nne za chai yako. Kisha jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, uipapase. Uvuguvugu karibu na mdomo ni kawaida. Ubavu au kitako kikiwa cha moto, ombwe halipo: irudishe na risiti yake.