Nilinunua bando bure: mwezi wangu na "Stats for nerds"

Nina laptopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, na kwa muda mrefu niliamini kwamba video za YouTube zinakwama kwangu kwa sababu ya mtandao. Nikapandisha kifurushi cha nyumbani. Zikaendelea kukwama vilevile, tena mechi ndiyo kabisa: mpira unaruka kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kupita katikati.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, bofya kulia juu ya video, chagua Stats for nerds." Kikatokea kisanduku cheusi kwenye kona, kimejaa maandishi madogo. Mengi hayakunihusu. Nilishika mistari minne: Viewport / Frames, Codecs, Connection Speed na Buffer Health.

Buffer Health ni sekunde za video zilizokwisha kushushwa zikisubiri kuchezwa. Siku ile ilisoma sekunde 38, na Connection Speed ilikuwa juu ya 9000 Kbps. Yaani video imefika nyumbani na imejaa tele, lakini picha bado inakatakata. Mstari wa fremu, zile picha moja moja zinazounda video, ndio uliosema ukweli. Baada ya sekunde 40 hivi za mechi iliyorekodiwa kwa fremu 60 kwa sekunde, ulisoma `612 dropped of 2410`. Robo nzima ya picha imetupwa! Fremu chache zikianguka video inapoanza, au ukihama dirisha na kurudi, si neno. Angalia kama namba inapanda mfululizo. Kwangu ilipanda kama mita ya teksi.

Hapo nikaelewa jambo ambalo ningeweza kuligundua kwa masikio tu. Mashine ikishindwa, sauti huendelea vizuri, picha ndiyo inayorukaruka, na feni inavuma. Mtandao ukishindwa, sauti na picha husimama pamoja na lile duara linaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa nayaita yote "kukwama".

Sababu ilikuwa kwenye mstari wa Codecs, unaotaja namna video ilivyobanwa; kwangu ulianza na `vp09`, yaani VP9. Prosesa yangu haina saketi maalumu ya kufungua VP9, kwa hiyo inaifungua kwa nguvu ya kawaida, jasho likimtoka. H.264, namna nyingine ya kubana video ambayo kwenye kisanduku huanza na `avc1`, inaifungua bila taabu. Nikaweka kiongezi cha brauza kinachoitwa h264ify, ambacho huilazimisha YouTube kutuma H.264. Mechi ileile, 1080p ileile, fremu zilizoanguka zikabaki 4. Gharama yake ni kwamba H.264 inahitaji data nyingi zaidi kwa picha ya ubora uleule, hivyo bando linaisha haraka zaidi. Asiyetaka kuweka kitu kipya anaweza kushusha ubora hadi 480p, kwa sababu chini ya 720p fremu 60 hurudi kuwa 30 na mzigo wa mashine unapungua sana.

Wiki iliyofuata, saa mbili usiku, duara likaanza kuzunguka. Nikafungua kisanduku: fremu zilizoanguka 0, Connection Speed karibu 1400 Kbps, Buffer Health sekunde 12. Nikaitazama: 12, baada ya sekunde kumi 9, kisha 6, kisha 3, ikagusa sifuri na video ikasimama. Kila sekunde kumi nilizotazama, ziliingia sekunde saba tu. Ukigawa 1400 kwa 0.7 unapata 2000 Kbps, ndicho kiasi ambacho video hiyo ya 720p ilikuwa ikidai. Nikashuka hadi 480p, namba ikaanza kupanda yenyewe na haikushuka tena usiku ule. Kiongezi hapa kingeniumiza tu, kwa hiyo nilikizima.

Lawama yangu kwa kisanduku hiki ni kwamba hakisemi kasi imepotelea wapi. Kinapima kati yako na seva inayokutumia video, basi. Ilibidi nibebe laptopu hadi kando ya ruta, na kasi ilipobaki 1400 pale pale nikajua ukuta wa chumbani hauna kosa. Niliwapigia watoa huduma, wakaniambia nizime ruta na kuiwasha. Niliizima, nikaiwasha, nikawasomea namba ileile. Kimya kidogo, kisha wakaahidi kutuma fundi.

Kwenye simu kinapatikana pia, ila lazima kwanza ukiwashe ndani ya mipangilio ya programu, halafu ukitafute tena kwenye menyu ya video yenyewe. Na maandishi yake huko, kwa macho yangu, ni ya kusoma na miwani.