Uzi "usiokatika" ulinikatikia mteja ukumbini

Mimi hutunga shanga za kiunoni hapa Dar, na kwa muda wote niliofanya kazi hii hakuna aliyenirudishia kazi. Basi juzijuzi nikanunua uzi mpya wa nailoni kwenye duka moja Kariakoo. Kijana wa dukani akauzungusha viganjani, akauvuta mbele yangu hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Mama, huu unafunga ng'ombe." Nami nikalipa, mjinga mimi. Kiunoni hakufungwi ng'ombe. Uzi wa pale hausumbuliwi na kuvutwa, unasumbuliwa na kusuguliwa, usiku na mchana, bafuni na kitandani.

Mteja wangu alizivaa nyuzi tatu kwenye sherehe ya jirani yake. Alipokata nyonga mara ya pili, mbili zikaachia kwa mpigo. Shanga zikamiminika kwenye marumaru, wamama wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya mchezo! Usiku huohuo akanipigia simu, na sitaandika aliyoniambia.

Kesho yake niko dukani na nyuzi mkononi. Yule kijana hakuangalia hata kidogo. Akaniambia, mbele za wateja, "Labda kiuno kimenenepa, Bi Mkubwa." Nilitaka kumrushia kasha zima la shanga. Nikaondoka nikiapa kwamba uzi ule ni takataka, na mtu yeyote akiniuliza nimwambie hivyo.

Sasa, haki lazima isemwe, ingawa naisema kwa shingo upande. Nyumbani nikaweka ncha za uzi juu ya kitambaa cheusi, karibu na taa. Uzi uliozidiwa na mvuto hunyooka na kukonda kabla ya kukatika, na aghalabu huachia kwenye fundo. Huu fundo lake lilikuwa zima. Ulikatikia mbali na fundo, na ncha zilikuwa zimeota manyoya kama mswaki wa zamani. Zote mbili zilikatikia palepale, pembeni ya shanga za mrija, zile ndefu nyembamba za kioo nilizoweka kwa urembo.

Mrija wa kioo hukatwa vipande, na usipolainishwa vizuri mdomo wake unabaki kama wembe. Kila mvaaji akiinama, uzi unakunjwa kwenye ule ukingo. Nikachukua mrija mmoja na uzi mpya, nikaupitisha mbele na nyuma huku nimeukunja kidogo pale mdomoni. Kabla sijafika mara arobaini, manyoya yakaanza. Nikajaribu na shanga ndogo za duara za kioo: uzi ukabaki laini. Kwa hiyo uzi hauna kosa. Na hiyo mirija nimeinunua wapi? Duka lilelile! Hasira ikarudi upya.

Siku hizi kila mrija naubana kati ya shanga mbili za duara, ili uzi ukunjike kwenye ukingo laini. Nao uzi naupitisha mara mbili, nimeupaka nta ya nyuki. Mirija yenye mdomo uliomeguka naitupa, na kwenye fungu moja nilitupa karibu robo. Kwa mteja mcheza ngoma natumia uzi wa kuvulia samaki, ule uliosukwa, kutoka duka la zana za uvuvi. Huo kioo kinausumbua kwa shida. Ila unateleza, fundo moja halitoshi, napiga matatu na tone la gundi, na chini ya shanga angavu rangi yake inaonekana. Mshipi wa kawaida wa kuvulia, ule wa uzi mmoja mgumu, siutaki: unabaki na mikunjo na ukikaa juani unakuwa mkavu. Waya nao ni wa hereni. Ukikunjwa na kukunjuliwa kila siku unavunjika, na kiunoni utamchoma mtu.

Mtu ataniuliza kwa nini nisihamie plastiki. Ni nyepesi na haikati hivyo, japo mshono wa kalibu ukipita tunduni nao hukwaruza. Lakini haina ule ubaridi kwenye ngozi, na wateja wangu wanaujua. Za mbao ni mpole kwa uzi kuliko zote, ila jasho likizipata zile za kupakwa rangi, gauni jeupe ndilo litakaloeleza. Nazisugua kwanza kwa pamba yenye maji. Pamba ikigeuka nyekundu, nazirudisha.

Uzi nampa alama nzuri, basi. Mirija sifuri. Yule kijana chini ya sifuri. Shida ni kwamba shanga zake ndogo nyeupe zina matundu yaliyolingana kuliko za maduka mengine yote niliyozunguka, na zimeniishia. Jumamosi namtuma mdogo wangu akanunue. Mimi nitasubiri ng'ambo ya barabara.