Deki na Kifaa cha Kunasa Kanda za VHS: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu anayetaka kuhamishia kanda zake za VHS kwenye kompyuta huanza kwa kuulizia bei ya kifaa cha kunasa, ilhali ubora wa kazi huamuliwa kabla ya kifaa hicho, yaani kwenye deki yenyewe na kwenye mpangilio wa muda wa mawimbi inayoyatoa. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha mwezi Julai 2016, kwa hiyo deki yoyote itakayoonekana sokoni leo ni ya zamani. Kwa sababu hiyo nimepanga machaguo kwa seti nzima, deki pamoja na kinachofuata, kwani kifaa kizuri hakiwezi kuokoa deki mbovu.

Tuanze na muda, kwa maana ndio unaotofautisha seti hizi. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, kila fremu ina mistari 625, na kila mstari hutakiwa kuchukua maikrosekunde 64. Ndani ya deki, ngoma yenye vichwa huzunguka mara 1,500 kwa dakika huku ukanda mwembamba wa plastiki ukiburutwa juu yake; ukanda huo hutanuka, husinyaa na kukwamakwama, hasa ukiwa umezeeka, na matokeo yake ni kwamba mstari mmoja hufika mapema kidogo na mwingine huchelewa. Televisheni za kioo cha zamani zilistahimili mayumbo hayo, kwa kuwa zilifuata mawimbi yalivyokuja. Kifaa cha kunasa hakina subira hiyo. Chenyewe hupima picha kwa saa yake, nukta 13.5 kwa kila maikrosekunde, hivyo mstari uliochelewa kwa nusu ya maikrosekunde husogea pembeni takriban nukta saba. Hapo ndipo fremu ya mlango iliyonyooka huonekana ikitetemeka, na sehemu ya juu ya picha hujikunja upande mmoja.

Kosa la pili ni la fremu nzima. Mawimbi yanapovurugika sana, kama vile mahali mpiga picha alipozima kamera na kuiwasha tena, kifaa hushindwa kuitambua fremu na kuiacha. Chukua kanda ya harusi ya E-180, ya saa tatu, ambayo kwa fremu 25 kwa sekunde ina fremu 270,000. Zikipotea 500 bila kuwekewa mbadala, picha itakuwa fupi kuliko sauti kwa sekunde 20, na mwishoni mwa kanda wageni wataonekana wakipiga makofi muda mrefu kabla ya makofi hayo kusikika. Dalili yake ni kwamba sauti na picha huanza pamoja kisha huachana hatua kwa hatua. Zikiwa zimepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, basi tatizo ni lingine, na hurekebishwa kwa kusogeza sauti mara moja tu.

Nafasi ya kwanza naipa deki ya kawaida ya VHS yenye afya, ikipitishiwa kwenye kirekodi cha DVD cha Panasonic DMR-ES10, kisha kwenye kifaa cha USB kama Hauppauge USB-Live2. Kirekodi hicho hakirekodi chochote hapa. Huwekwa kwenye mkondo wa AV, na mawimbi hupita ndani yake na kutoka mistari ikiwa imepangwa upya. Kwa kanda zinazojikunja juu ya picha, sijaona tiba nyingine ya bei nafuu inayoikaribia. Kasoro yake ni kwamba hulainisha picha kidogo, na kanda zilizoharibika sana bado zitapoteza fremu. Kirekodi kitokee kwa S-Video, si kwa waya wa njano, ili rangi na mwanga vifike vikiwa vimetenganishwa.

Ya pili ni deki ya S-VHS, aina bora zaidi ya VHS, yenye TBC ndani yake, yaani sakiti inayosahihisha muda wa mistari, kama JVC HR-S9600 au Panasonic NV-FS200, ikiungwa kwa S-Video. Ikiwa nzima, picha yake ni safi kuliko ya seti ya kwanza, na ningeiweka juu bila kusita kama si umri wake. Ni mashine tata, na iliyokaa miaka bila kuhudumiwa inaweza kutoa picha mbaya kuliko deki ya kawaida. Inunuliwe tu kwa muuzaji anayekubali kuiwasha mbele yako. Ifahamike pia kuwa TBC hiyo hunyoosha mistari. Fremu zinazopotea haizizuii, na kazi hiyo huhitaji kifaa cha nje cha kushika fremu nzima, kama DataVideo TBC-1000, ambacho hakitengenezwi tena na bei yake ni kubwa.

Ya tatu ni deki ya kawaida na USB-Live2 bila chochote katikati. Kwa kanda halisi iliyorekodiwa kwa kamera nzuri na kutunzwa vizuri, seti hii inatosha, na anayeanza anaweza kuinunua kwanza kisha akaongeza kirekodi baada ya kuona kanda zake zinavyotenda. Maandishi ya kujivunia vichwa vinne kwenye uso wa deki yasikupandishie bei, kwani kwa kanda zilizorekodiwa kwa kasi ya kawaida faida yake ni ndogo.

Chini kabisa naweka visanduku vya kugeuza AV kuwa HDMI. Hivyo hukuza picha na kuchanganya nusu-fremu mbili zinazounda kila fremu kuwa picha moja kwa njia duni, na kilichochanganywa hakitenganishwi tena. Vifaa vinavyouzwa kwa jina la EasyCap navyo viepukwe, kwa kuwa ndani yake huwa na chipu tofauti tofauti na mnunuzi hana namna ya kujua amepata ipi.

Wenye kanda zilizotumwa na ndugu kutoka Marekani au Kanada wawe waangalifu, maana hizo ni za NTSC, mfumo wa huko ulio tofauti na PAL. Deki nyingi za PAL huzicheza kwa mawimbi ya mchanganyiko ambayo televisheni huyakubali, lakini vifaa vingi vya kunasa huyatoa bila rangi. Inahitajika deki inayotoa NTSC halisi.

Kabla ya kulipa, nenda na kanda usiyoijali, isiyo na ukungu, kwani ukungu wa kanda za pwani huhamia kwenye vichwa na kutoka hapo hadi kanda inayofuata. Icheze nusu saa, utazame mistari ya wima kama nguzo na milango, na usikilize kama ukanda unasuguliwa. Ukiwa na kompyuta ndogo, nasa kwa VirtualDub kwa ukubwa wa 720x576, kwa kodeki ya HuffYUV, ambayo hula takriban GB 30 hadi 40 kwa saa, na uangalie hesabu za `Frames dropped` na `Frames inserted`. Zikipanda tu mahali kamera ilipozimwa na kuwashwa, kanda ndiyo chanzo. Zikipanda mfululizo hata katikati ya tukio tulivu, jaribu kanda nyingine, na kama hali ni ileile, irudishe deki hiyo mezani kwa muuzaji.