Seti ya cheni: ya kawaida au yenye pete za mpira?

Seti zote mbili, zenye cheni ya namba 428 na sproketi zake, zipo dukani kwetu Arusha kwa ajili ya Boxer BM 150 na TVS HLX 125. Ya kawaida ni shilingi 32,000 na kuifunga ni bure. Yenye pete za mpira ni shilingi 78,000, na ufundi ni 5,000, kwa kuwa ni nene kidogo na fundi hulazimika kuhakikisha haigusi kava.

Kwa bei, ya kawaida inashinda, ila huhitaji oili mara kwa mara, hasa kwenye vumbi. Pete za mpira huzuia grisi ya ndani isitoke, lakini ukiiosha kwa petroli, jambo ambalo madereva wengi hulifanya, pete huharibika na faida yote hupotea.

Yenye pete hurudisha gharama ikidumu zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo humfaa bodaboda wa kutwa nzima kuliko mwenye safari chache. Vyovyote vile, badilisha sproketi pamoja na cheni, kwani meno yaliyochongoka huila cheni mpya upesi.